Noti moja juu, besi inashuka: bosa nova ndani ya gitaa moja

Ukimuuliza mtu bosa nova ni nini, atakwambia ni samba iliyochanganywa na jazi. Ni kweli, ila ni sawa na kusema pilau ni mchele na nyama. Hujaambiwa ni kipande gani cha samba kilichochukuliwa, ni jazi ipi, na viwili hivyo vilikutana wapi. Vilikutana kwenye gitaa moja la nyuzi za nailoni, lisilopigwa kwa kipiki. Samba ilikaa mkono wa kulia, jazi ikakaa mkono wa kushoto, na kila upande ulipunguzwa sana kabla ya kukaa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno jazi, maana kwetu lina historia yake. Bendi nyingi za dansi za Afrika Mashariki zilijiita Jazz Band huku zikipiga rumba, na hakuna aliyelalamika. Jazi ninayoisema hapa ni ya Marekani, tena tawi lake moja tu: ile ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 iliyojiita kwa neno ambalo sisi tungelitafsiri kuwa poa. Jazi poa. Wapigaji wake walichoka na kasi na kelele za jazi iliyotangulia, wakashusha sauti, wakapunguza vyombo, wakaacha hewa kati ya noti. Mwaka 1952 Gerry Mulligan aliunda kundi la watu wanne lisilo na piano kabisa, na mpiga tarumbeta wake Chet Baker baadaye akaanza pia kuimba, kwa sauti nyembamba iliyonyooka, isiyotetemeshwa mwisho wa neno. Vijana wa Rio de Janeiro walizisikiliza santuri hizo. Waliisikiliza pia santuri ya mwimbaji Julie London ya mwaka 1955, ambayo anasindikizwa na gitaa la Barney Kessel na besi tu. Sauti moja ya mtu, gitaa, na kodi nene zenye noti nne au tano. (Kodi ya muziki, si ile ya TRA.)

Upande wa samba hauhitaji utambulisho mrefu. Wataalamu wengi hulihusisha jina lenyewe na semba ya Kimbundu, lugha ya Angola, na muziki wake ulijengwa na watu waliopelekwa Brazili utumwani pamoja na vizazi vyao. Kwa kazi yetu tunahitaji ngoma zake mbili tu. Ya kwanza ni surdo, ngoma kubwa inayoning'inizwa mwilini na kupigwa kwa kirungu chenye kichwa laini. Ya pili ni tamborimu, kingoma cha mkononi chenye upana wa kama sentimita 15, kinachopigwa kwa kijiti na kutoa mlio mkavu. Surdo inatembea, tamborimu inacheza juu ya huo mwendo.

Aliyeziingiza ngoma hizo mbili ndani ya gitaa ni João Gilberto, mzaliwa wa Juazeiro, jimbo la Bahia. Mwanzoni mwa mwaka 1958 gitaa lake lilisikika kwenye nyimbo mbili za santuri ya mwimbaji Elizeth Cardoso, na Julai mwaka huohuo akarekodi mwenyewe wimbo wa Chega de Saudade, ulioandikwa na Tom Jobim kwa maneno ya Vinicius de Moraes. Wimbo wote ni kama dakika mbili. Aliomba maikrofoni mbili, moja ya sauti na nyingine ya gitaa, jambo lililokuwa geni studio wakati ule. Ombi hilo lilikuwa na sababu, na tutaiona tukifika kwenye uimbaji.

Tuanze na mkono wa kulia. Samba huhesabiwa mapigo mawili kwa kila kipimo: moja, mbili, moja, mbili. Kila pigo ligawe sehemu nne zilizo sawa. Kipimo kimoja basi kina nafasi nane, na vipimo viwili vina nafasi 16. Kidole gumba ndicho surdo, kwa hiyo kinapiga uzi wa besi kwenye kila pigo. Kidole cha shahada, cha kati na cha pete ndivyo tamborimu: vinanyofoa nyuzi tatu kwa pamoja, kama mtu anayebana chumvi. Mchoro wa kuanzia ni huu:

```
hesabu   1 . . . 2 . . . | 1 . . . 2 . . .
gumba    G . . . G . . . | G . . . G . . .
vidole   V . . V . . V . | . . V . . V . .
```

Hesabu umbali kati ya V moja na nyingine: tatu, tatu, nne, tatu, halafu tatu za kurudi mwanzo. Jumla 16. Sasa angalia ni mara ngapi vidole vinakutana na gumba. Ni mara moja tu, mwanzoni kabisa. Michapo mingine minne yote inaangukia pale ambapo gumba limenyamaza. Hapo ndipo ule mwendo wa kuelea unapotoka. Chini kuna mtu anayetembea sawasawa bila kubadili hatua, na juu yake kuna mwingine anayekwepa kila hatua yake.

Msomaji aliyelelewa na rumba ya Kongo au dansi ya Dar es Salaam ana faida na hasara hapa. Sikio lake tayari lina mdundo wa klave, uliofika kwetu kwa santuri za Kuba, nao unafanana mno na huu. Michapo minne ya mwanzo ni ileile. Wa tano ndio tofauti: Kuba unaangukia nafasi ya 13, juu ya pigo la pili kabisa, lakini hapa unachelewa hadi nafasi ya 14. Ni nafasi moja tu, lakini inabadilisha kila kitu, kwa sababu klave inarudi chini na kukanyaga, wakati bosa nova inakataa kukanyaga. Mpigaji wetu asipojiangalia, mchapo wake wa tano utarudi nyumbani wenyewe, na baada ya dakika moja atakuwa anapiga rumba ya polepole. Ujigundue hivi: jirekodi kwa simu, kisha sikiliza mwisho wa mchoro. Ukisikia vidole na gumba vimegonga pamoja karibu na mwisho, umeingia klave.

Niongeze tahadhari. Kuba wanamuziki wote hufungwa na klave, na anayeivuka anaonekana amepotea. Brazili hakuna sheria kama hiyo. Mchoro nilioutoa ni wa kujifunzia, na Gilberto mwenyewe hakuurudia kama mashine. Aliuhamisha kufuata maneno, akaacha mchapo hapa na kuongeza pale. Lakini huwezi kuhamisha kitu usichokuwa nacho, kwa hiyo uanze nao hivyohivyo ulivyo.

Gumba lina makosa yake. La kwanza ni uzito. Kwenye kundi la samba, surdo nzito kuliko zote hupiga pigo la pili, na ile nyepesi zaidi huijibu kwenye la kwanza. Sisi tumezoea kuegemea moja. Ukiegemea moja hapa, muziki unakuwa maandamano ya shule. Weka gumba lako jepesi kwenye moja na zito kidogo tu kwenye mbili. Ukitumia metronomu, iweke ilie kwenye mbili peke yake, wewe ujaze moja mwenyewe. Kosa la pili ni kuruka. Vitabu vingi hufundisha gumba kupiga noti ya msingi kwenye moja na noti ya tano yake kwenye mbili, kwenda na kurudi. Si haramu, lakini ukisikiliza rekodi za Gilberto utamkuta mara nyingi anabaki kwenye noti ileile kwa mapigo yote mawili. Besi inayoruka inaanza kusimulia habari zake, na hapa tunataka itulie ili kushuka kwake kusikike, kama tutakavyoona punde.

Kasi ya kuanzia iwe mapigo 40 kwa dakika, hadi mkono uache kufikiri. Mahali pake pa kawaida ni kati ya 60 na 80. Na nafasi zote nne za kila pigo ziwe sawa kabisa. Wapigaji wa jazi ndipo walipojikwaa zaidi walipoupokea muziki huu baada ya mwaka 1962, kwa sababu jazi ya Marekani hurefusha nusu ya kwanza ya pigo na kufupisha ya pili, ule mwendo wa kuchechemea. Bosa nova haichechemei. Kwa hiyo tunaposema jazi imo ndani yake, ujue mdundo wa jazi haumo. Uliachwa mlangoni.

Kilichoingia ni kazi ya mkono wa kushoto, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Samba de Uma Nota Só, yaani samba ya noti moja. Tom Jobim aliuandika pamoja na Newton Mendonça, na Gilberto akaurekodi kwenye santuri yake ya mwaka 1960. Jina lake halidanganyi. Mwimbaji anaanza kwenye noti moja na kuishikilia kipimo baada ya kipimo, akiichapa kwa mdundo wa tamborimu. Tuuweke kwenye ufunguo wa Bb. Noti hiyo ni F, na kwa waliosomea kwaya kwa solfa, ni so. So, so, so, so. Mwanakwaya yeyote angeuliza kama aliyeandika alichoka.

Sasa sikia kinachotokea chini yake. Hizi ni kodi nne za mwanzo, kila moja kipimo kimoja. Namba zinasomwa kushoto kwenda kulia kuanzia uzi wa sita, ule mnene, hadi wa kwanza. Namba ni freti, na x ni uzi usiopigwa.

```
Dm7      x5756x
Db7      x4646x
Cm7(11)  8x886x
B7(b5)   7x786x
```

Tazama uzi wa pili, ule wa pili kutoka kulia: freti ya sita, ya sita, ya sita, ya sita. Hiyo ndiyo F, ndiyo noti ya wimbo, na imekaa juu ya kila kodi bila kusogea. Vidole vinavyoishika vinabadilika, maana umbo la mkono linabadilika, lakini mahali ni palepale. Kisha tazama besi: D, Db, C, B. Kila kipimo inashuka freti moja. Kutoka ya pili kwenda ya tatu mkono unaruka kutoka uzi wa tano hadi wa sita, na macho yatakudanganya kwamba umepanda juu, lakini freti ya nane ya uzi wa sita ni C ileile ya freti ya tatu ya uzi wa tano. Kwa sikio, ni ngazi moja inayoteremka kwa nusu toni.

Noti ya juu haijasogea, lakini maana yake imebadilika mara nne. Juu ya Dm7 ile F ni ya tatu, tena ya tatu ndogo, ndiyo inayoipa kodi huzuni yake. Juu ya Db7 ni ya tatu kubwa, na ghafla sauti ileile imechangamka. Juu ya Cm7 imekuwa ya kumi na moja, noti iliyo nje ya kodi ya kawaida, inayoning'inia bila kudai kushuka. Juu ya B7 ni ya tano iliyopunguzwa nusu toni, yaani ndiyo noti inayokwaruza kuliko zote nne. Ni kama mtu amekaa kwenye kiti kilekile sebuleni huku nyumba inabadilishwa kumzunguka. Wimbo uliokuwa na noti moja una mwendo kamili, ila mwendo wote umehamishiwa chini yake.

Hapa ndipo jazi ilipofanya kazi yake, na inawezekana kuionyesha kwa kidole. Njia ya kawaida ya kurudi nyumbani kwenye Bb ingekuwa Dm7, G7, Cm7, F7. Mwanajazi anajua kwamba G7 inaweza kuondolewa na Db7 ikakaa mahali pake, kwa sababu noti mbili zinazoipa G7 mvutano wake, B na F, zimo pia ndani ya Db7. Vivyo hivyo F7 inaondolewa, inakaa B7. Ukiishusha ile ya tano ya B7 unapata B, D#, F na A. Ishushe ya tano ya F7 nayo, unapata F, A, B na Eb. Ni noti zilezile, kwa kuwa D# na Eb ni freti moja. Kodi mbili zenye majina tofauti ni kitu kimoja, tofauti ni besi ipi imekaa chini. Na kwa ubadilishaji huo, besi iliyokuwa ikiruka D, G, C, F sasa inateleza nusu toni kwa nusu toni. Ule upole ambao watu huusifu kwenye bosa nova, sehemu kubwa ni huo utelezi. Hakuna ujanja mwingine wa siri.

Jobim mwenyewe alikuwa na vyanzo vingine kabla ya jazi, akiwamo Debussy, Chopin na Mbrazili mwenzake Villa-Lobos, kwa hiyo si sahihi kuwapa Wamarekani kila kodi nene inayosikika. Ugomvi huu ulianza mapema huko kwao. Mkosoaji José Ramos Tinhorão aliishambulia bosa nova kwa miaka mingi akiiona ni samba iliyonyakuliwa na vijana wa tabaka la kati wenye masikio ya Marekani. Nadhani alisikia vizuri mkono wa kushoto na hakuutendea haki wa kulia.

Sasa unganisha mikono. Kodi zote nne zinatumia uzi wa nne, wa tatu na wa pili kwa vidole, kwa hiyo vidole vitatu vya mkono wa kulia havihami kabisa, ni gumba pekee linalohama kutoka uzi wa tano kwenda wa sita. Nyuzi tatu zilie kwa mpigo mmoja. Zikianza kulia moja baada ya nyingine, hata kwa tofauti ndogo, tamborimu inapotea na unabaki na gitaa la kubembeleza mtoto. Tena usiache kodi ilie hadi inayofuata. Kila baada ya mchapo legeza kidogo mkono wa kushoto, bila kuutoa kwenye nyuzi, sauti ikatike. Tamborimu hailii kwa muda mrefu, basi na vidole vyako visidumu.

Ukishazoea, fanya badiliko moja. Ule mchapo wa kwanza kabisa, ambao ndio pekee unaokutana na gumba, uondoe pale na uuweke nafasi moja nyuma, mwishoni mwa kipimo kilichotangulia:

```
hesabu   1 . . . 2 . . . | 1 . . . 2 . . .
gumba    G . . . G . . . | G . . . G . . .
vidole   . . . V . . V . | . . V . . V . V
```

Mchapo huo wa mwisho upigwe na kodi inayokuja, si ile inayoondoka. Mkono wa kushoto unahama mapema, vidole vinalia kodi mpya, halafu ndipo gumba linafika na besi yake. Kosa la kila mwanafunzi hapa ni gumba kuvutwa na vidole, likafika mapema nalo, na kipimo kizima kinakuwa kifupi. Dawa yake ni kupiga gumba peke yake pamoja na metronomu huku ukitamka vidole kwa mdomo, ta, ta, hadi mdomo na gumba viachane. Kutamka kunafichua kosa haraka kuliko kupiga.

Sasa rudi kwenye kodi zetu nne na uangalie mpangilio uliojitokeza wenyewe. Dm7 inatangazwa na vidole, gumba linafuata. Db7 inatangazwa na gumba, maana mwanzoni mwa kipimo cha pili vidole vimenyamaza, na vinakuja nafasi mbili baadaye. Cm7 vidole tena kwanza. B7 gumba tena kwanza. Besi na kodi hazibadiliki pamoja hata mara moja. Msikilizaji hapewi mahali pa kusema "hapa ndipo ilipobadilika", anagundua tu kwamba imeshabadilika. Mkono wa samba na mkono wa jazi unashirikiana kuficha mishono.

Na sauti ya mwimbaji? Ikae palepale kwenye so, bila kutetemeshwa, kwa nguvu ya mtu anayezungumza na aliyekaa karibu naye. Ukiimba kwa kifua kipana, utalifunika gitaa, na gitaa likifunikwa mabadiliko yote niliyoyaeleza hayasikiki, inabaki noti moja kweli. Ndiyo maana ya ile maikrofoni ya pili ya mwaka 1958: vidole vitatu na gumba vilihitaji kusikika sawa na mdomo. Gilberto alizoea pia kuchelewesha maneno au kuyatanguliza, gitaa likiendelea na hesabu yake. Usijaribu hilo kabla mkono haujaweza kuendelea huku ukiongea na mtu.

Baadaye wimbo unapanda hadi noti ya pili, Bb, yaani do, unakaa kidogo, kisha unarudi so na ngazi ileile ya besi. Kifungu kinapofungwa, baada ya B7(b5) shusha freti moja ya mwisho:

```
Bb6      6x576x
```

Besi iko freti ya sita, uzi wa sita. Ile F nayo bado iko freti ya sita, uzi wa pili, haijaondoka. Safari hii imekuwa ya tano ya kodi, mahali patulivu, kwa sababu besi ndiyo iliyotembea kutoka mi hadi do.